Juzi nilikuwa "bro", Jumamosi ni kocha: nianzeje?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Temeke, Dar es Salaam. Nilicheza mpira wa mtaani mpaka goti likanigomea. Mwezi uliopita kamati ya timu ya mtaa wetu iliniomba nichukue vijana wa chini ya miaka 15. Wako 22, tuna mipira 6, na uwanja wetu ni wa mchanga, kando ya barabara ya daladala. Mazoezi ya kwanza ni Jumamosi saa 10 jioni.

Kinachoninyima usingizi ni zile dakika tano za mwanzo. Vijana hawa wananijua. Jioni tunakaa wote kibarazani tunabishana Simba na Yanga, wananiita "bro". Mmoja wao ni mdogo wangu wa tumbo moja, tunalala chumba kimoja. Sasa nikisimama mbele yao wakaniambia "mambo bro", nijibu "poa"? Au niwaambie kuanzia leo ni "shikamoo kocha"?

Kocha aliyenitangulia aliondolewa na wazazi kwa sababu ya fimbo, lakini vijana walimpenda na aliwapa kombe. Rafiki yangu ananiambia siku ya kwanza nisiongee kitu, niwazungushe uwanja mara 15 ili wanitambue. Mama anasema niwasalimie vizuri, ni watoto wa watu. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mzee wetu, anataka afungue yeye kwa maneno ya nidhamu. Mimi mwenyewe nimeandika hotuba ya kurasa mbili. Nimeisoma chumbani nikajipima kwa simu: dakika 12. Ina maneno mazuri, kwamba kila mtu anaanza upya, nafasi zote ziko wazi, na nidhamu ndiyo namba moja. Nilipomsomea mdogo wangu alicheka. Sijui alicheka nini.

Nina siku nne. Nisaidie.

Kocha Mpya, Temeke

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na kicheko cha mdogo wako, maana ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote ulivyoniandikia. Katika vijana 22, yeye peke yake ameshasikia maneno yako ya kwanza, na amekujibu bila kukuogopa. Kabla ya Jumamosi muulize, mkiwa mmelala na taa imezimwa, alicheka nini hasa. Usimuulize kwa kumtega. Huenda atakwambia, "Bro, ile sauti haikuwa yako." Huenda atakwambia kuna sentensi aliyowahi kuisikia kwa kocha aliyepita. Lolote atakalosema, chukua kalamu ukae na zile kurasa mbili upya.

Nami nina yangu ya aibu. Mwaka 1994 nilipewa timu ya shule moja ya sekondari, sitaitaja, tuliyokuwa tunaiandaa kwa UMISSETA. Nilikuwa na umri kama wako. Niliwapanga mstari kama paredi, nikasimama mbele yao na filimbi shingoni, nikaanza kueleza falsafa yangu ya soka, wakati sikuwa nayo. Baada ya muda nikaona mstari unachezacheza. Wa kushoto anapiga mguu chini, wa katikati anajikuna kwenye shavu la mguu, wengine wanasukumana. Nikakasirika, nikaongeza na mahubiri ya heshima. Aliyenitoa gizani ni mwalimu wa zamu aliyekuwa anapita: "Mwalimu, umewasimamisha kwenye njia ya sisimizi." Nilikuwa nimekazia macho nyuso zao, sikutazama miguu. Tangu siku hiyo, kabla sijawaita vijana, natembea pale watakaposimama, naangalia chini.

Nakusimulia hili kwa sababu barua yako yote inazungumzia utakachosema, na haina neno juu ya mahali watakapokuwa, watakuwa wanatazama nini, wala watakuwa wamefanya nini kabla hujafungua mdomo. Kwa umri huo, hayo ndiyo yanayoamua kama maneno yataingia. Saa 10 jioni hapo Dar jua limeshaelekea magharibi. Kocha asiye mzoefu huligeuzia jua mgongo kwa sababu linamuumiza macho, na kumbe sasa linawaumiza wao. Kijana aliyekunja uso kwa jua anaonekana kama amekununia, nawe unaanza kubishana kichwani na mtu ambaye hana ubishi wowote. Wewe ndiye utazame jua. Kisha geuka uone kilicho nyuma yako, maana hicho ndicho watakachokuwa wanakitazama. Kama ni barabara, basi unashindana na kila daladala inayopita, na makonda wa Temeke wana sauti kuliko wewe. Ikiwa barabara iko upande huo huo wa mashariki, hamia kwenye kivuli cha ukuta au cha mti, uwakalishe chini, jua lisiwe hoja tena.

Sasa tuje kwenye salamu.

Umeniuliza kama ujibu "poa" au udai "shikamoo". Swali hilo limejengwa juu ya picha moja: wewe umesimama upande mmoja, wao 22 upande mwingine, halafu salamu inatoka kwa pamoja kama darasani, "Shikamoo kochaaa!" Je, ni lazima iwe hivyo? Salamu ya kiitikio ina kazi yake, mimi nimefundisha miaka mingi siidharau. Ila haikuonyeshi mtu hata mmoja. Aliyelala njaa, aliyelazimishwa na baba yake kuja, anayemlilia kocha wa zamani, wote wanaitikia kwa sauti ile ile.

Njia nyingine ni kuwapokea mmoja mmoja wanavyofika. Uwe uwanjani saa 9 na nusu, usimame pale wanapoingilia. Kila anayefika unampa mkono, unamtazama, unamuuliza kitu kimoja kifupi. Hata kama unamjua jina, muulize: "Uwanjani unapenda uitwe nani?" Vijana wa umri huu wana majina yao ya mpira, na wengine wana majina waliyobandikwa wasiyoyataka. Anayeitwa "Kibonge" mtaani huenda hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu mzima amemuuliza kama anataka kuitwa hivyo. Ukitumia nusu dakika kwa kila mmoja, kwa vijana 22 ni dakika 11 tu, tena zimetawanyika maana hawafiki pamoja. Ni pungufu ya hotuba yako.

Hapo ndipo "mambo bro" itakapokukuta, na itakukuta ukiwa na mtu mmoja, si mbele ya hadhara. Kijana anakuja, "Mambo bro!" Unaweza kumjibu "Poa, karibu," ukaendelea papo hapo: "Leo uwanjani niite kocha, kibarazani tutaongea lugha yetu. Haya, chukua mpira ule pale." Yeye amejibiwa, hakuaibishwa, na amepata kitu cha kumwambia mwenzake. Wa tano au wa sita akifika, wale wa kwanza watakuwa wameshamwambia. Mbele ya watu 22 sentensi ile ile ingekuwa tangazo, na tangazo linazaa mchekeshaji. Daima kuna mmoja atakayesema "Shikamoo brooo" kwa sauti ya kukejeli, wenzake watacheka, nawe utalazimika kuamua kitu ambacho hukukipanga.

Kuhusu shikamoo yenyewe, jiulize kwa utulivu unaitakia nini. Kati ya miaka 24 na 14 ni tofauti ambayo nyumba nyingi zetu zinaisalimia, zipo zinazosema "shikamoo kaka", na zipo nyingine ambazo kaka anasalimiwa "mambo" na hakuna anayeona ajabu. Ni salamu ya mdogo kumpa mkubwa. Mkubwa hawezi kuianzisha, anaipokea tu. Ndiyo maana anayeidai huonekana amepungukiwa. Lakini sitaki nikutie upande wa pili pia: ukiacha kila kitu kiwe "mambo, poa", wapo wazazi watakaokuona ni mmoja wa wale vijana, na siku utakapohitaji kumtoa mchezaji nje, atakujibu kama anavyokujibu kibarazani. Neno "kocha" linaweza kukusaidia hapo katikati. Linaonyesha kazi yako bila kugusa umri. "Vipi kocha" ina heshima ya kutosha kufanyia kazi, na anayetaka kukupa shikamoo atakupa, utasema marahaba, basi.

Mdogo wako asikutane na haya uwanjani. Mwambie nyumbani, na umpe sababu: ukiniita kaka pale, wenzako 21 watajiona wageni. Halafu jichunge usimsalimie kwa ukali zaidi ili kuonyesha huna upendeleo. Makocha wenye watoto wao kwenye timu hufanya kosa hili sana, na mtoto anayelipia undugu wake siku ya kwanza analifahamu hilo haraka kuliko unavyodhani. Mpe mkono kama wengine, muulize jina la uwanjani kama wengine. Akicheka tena, mwache acheke.

Bado tuko kwenye wakati wa kufika. Aliyeshasalimiwa aende wapi? Hapa wengi wanaharibu: wanawasimamisha kusubiri wenzao. Kijana aliyesimama robo saa bila kazi ameshajifunza kwamba mazoezi yako ni kusubiri. Una mipira 6 na watu 22. Wagawe makundi sita, manne ya watu wanne na mawili ya watatu, kila kundi na mpira wake, wapasiane huku wanatembea, wakitajana majina kabla ya kupiga. Anayechelewa anaingia kwenye kundi lenye upungufu bila kesi. Wewe unaendelea kupokea wanaokuja, na kwa jicho la pembeni unaona nani anaita mpira, nani anajificha, nani anatumia mguu mmoja tu. Ukifika wakati wa kuwaita, utakuwa umeshajua mengi kuliko ambayo hotuba ingekupa.

Angalizo moja, na hili linaniuma mpaka leo. Usiulize mbele za watu, "Nani hana njumu?" Niliwahi kuuliza hivyo kwa nia njema, nilikuwa na jozi mbili za ziada nyumbani. Kijana mmoja aliyekuwa peku alisogeza miguu polepole akaifukia kwenye mchanga mpaka vifundoni. Hakuinua mkono. Wiki iliyofuata hakuja, na zile jozi mbili zikabaki kwangu. Wakati wa kupeana mikono utaziona nyayo zote bila kuuliza. Kama kuna la kusaidia, litafanyika baadaye, pembeni, au kupitia kwa mama yake.

Rafiki yako wa mizunguko 15 nisimpuuze, maana kuna ukweli ndani ya ushauri wake: vijana hukupima siku ya kwanza, na kocha anayeonekana anaomba kupendwa huliwa mzima. Ila fikiria mizunguko ile inasema nini. Kwa vijana waliotoka kwenye fimbo, kukimbizwa kabla hawajakosea kutaeleweka kama fimbo nyingine isiyoacha alama. Halafu utakuwa umewafundisha kwamba kukimbia ni adhabu, kisha mwezi ujao utataka wakimbie kwa hiari dakika ya 60. Na kwenye mchanga, jua la saa 10, nusu yao watafika kwenye mpira wakiwa wamekwisha, hutajua nani anajua kitu na nani hajui. Kama unataka waone hutanii, muda ndio utakusaidia: sema mtamaliza saa 11 na nusu, na saa 11 na nusu ikifika maliza kweli, hata kama mchezo umenoga.

Yuko kocha mmoja wa mpira wa kikapu wa Marekani, John Wooden wa chuo kikuu cha UCLA, aliyeshinda ubingwa wa vyuo mara 10 kati ya mwaka 1964 na 1975. Mafunzo yake ya kwanza kila msimu yalikuwa jinsi ya kuvaa soksi. Aliwakalisha vijana waliokuwa nyota tayari, akawaonyesha namna ya kuvuta soksi isibaki na mkunjo kwenye vidole na kisigino, kisha namna ya kufunga kamba za viatu. Sababu yake ilikuwa rahisi: mkunjo unaleta malengelenge, na mwenye malengelenge hafanyi mazoezi. Watafiti wawili walikaa wakimwangalia mazoezini katika msimu wa 1974 hadi 1975 wakiandika kila alichosema. Sehemu kubwa, kama robo tatu, ilikuwa maelekezo ya kitu cha kufanya na namna ya kukifanya. Sifa zilikuwa chache, lawama pia chache. Nimemtaja kwa sababu ya lile neno lako "nidhamu ndiyo namba moja". Wooden alikuwa mkali wa nidhamu kuliko wengi, na bado alianza na soksi. Kijana akiambiwa "nidhamu" hana cha kufanya kwa mikono yake. Akiambiwa "nikipiga filimbi mara moja, mpira unawekwa chini ya mguu", anacho.

Sasa tuitazame hotuba yako. Nimeona sentensi mbili ambazo ningezishika mkononi kidogo kabla ya kuzitoa.

"Nafasi zote ziko wazi." Kila kocha mpya anaipenda hii. Isikilize kwa masikio ya yule aliyekuwa nahodha wakati wa kombe: amesikia kwamba amevuliwa kitambaa cha unahodha bila kuitwa. Isikilize kwa masikio ya yule aliyekaa benchi msimu mzima: amesikia kwamba huenda sasa ataanza, na kama baada ya wiki tatu bado yuko benchi, utakuwa mtu wa pili kumdanganya. Huenda ni kweli nafasi ziko wazi kwako, kwa kuwa hujawaona wakicheza chini yako. Basi unaweza kusema hilo hilo: "Sijawaona bado. Nitawatazama kwa wiki tatu kabla sijapanga timu." Ni maneno madogo zaidi, lakini utaweza kuyatimiza.

"Kila mtu anaanza upya." Hawa wana kombe. Wana mtu waliyempenda ambaye wazazi wao wamemfukuza, na inawezekana kabisa kijana aliyechapwa ndiye anayemkumbuka zaidi. Nami sishangai, nimeyaona. Ukisema tunaanza upya, unawaambia walichokishinda hakihesabiwi. Ukimsema vibaya kocha yule, unawalazimisha kuchagua, na hawatakuchagua wewe siku ya kwanza. Ukinyamaza kabisa, watajiuliza kama unaogopa jina lake. Sentensi moja inaweza kutosha, kwa mfano: "Mlichoshinda na kocha wenu ni chenu, hakuna atakayewanyang'anya." Kisha uendelee na mengine.

Na fimbo? Unaweza kuitaja, unaweza usiitaje. Ukisema "mimi sichapi", wadogo watapumua, lakini wakubwa wawili watatu watataka kujua basi unafanya nini, na watakujaribu kabla ya maghrib. Ukiitaja, sema pia kitakachofanyika: aliyekosea nitamwita pembeni, tutaongea, akirudia atakaa nje dakika tano kisha arudi. Usipoitaja, hakikisha tu huna kitu mkononi. Nimeona kocha aliyeshika kijiti cha kuchorea mchangani, na watoto wa mbele wakirudi nyuma hatua moja bila yeye kujua.

Mama yako nadhani yuko karibu zaidi na jambo hili kuliko sisi wote, ingawa neno "watoto" usilipeleke uwanjani. Kijana wa miaka 14 aliyeitwa mtoto mbele ya wenzake ataitumia jioni nzima kukuonyesha kwamba si mtoto.

Kwa mwenyekiti una mtihani mwingine, maana mzee hakataliwi mbele za watu. Akifungua yeye, faida yake ni kwamba vijana wanaona umekabidhiwa kazi rasmi. Hasara yake ni kwamba utarithi maneno yake. Akisema "safari hii hatutaki upuuzi", hayo yatakuwa maneno yako ya kwanza, hata kama hukuyatamka wewe. Mfuate nyumbani kwake kabla ya Jumamosi, ukiwa na ombi badala ya pingamizi. Unaweza kumwomba afunge yeye, saa 11 na nusu, vijana wakiwa wamechoka na wana furaha. Unaweza kumwomba akutambulishe kwa sentensi moja kisha akusaidie kukaa na wazazi watakaokuja. Au ukaona mzee huyu hawezi kukaa nyuma, ukamwachia dakika zake mwanzoni, nawe ukafupisha zako. Wewe ndiye unayemjua. Hili la dua pia liulize huko huko kwake, timu yenu ina desturi gani. Kwenye timu zetu wamo wa "asalaam aleikum" na wamo wa "Bwana asifiwe", na salamu ya upande mmoja huwaacha wengine wakitazamana. Kuna timu zinazopokezana, leo huyu anaomba kwa imani yake, kesho yule. Kuna timu zinazokaa kimya kidogo kila mtu na lake.

Uliniomba msaada wa maneno, nami nisikuache mikono mitupu. Tuseme ni saa 10 na robo, wamekaa chini, mipira umeikusanya nyuma yako ili isichezewe, nawe umechuchumaa, kama goti litakuruhusu, au umekaa juu ya mpira mmoja. Ningesema hivi, kwa sauti ya kawaida:

"Wengi tumeshasalimiana, karibuni tena. Uwanjani mimi ni kocha, nyumbani nabaki yule yule. Mlichoshinda msimu uliopita ni chenu. Mimi sijawaona bado mkicheza, nitawatazama wiki tatu ndipo nipange timu. Leo tunafanya kitu kimoja: kupokea mpira ukiwa umeshaangalia nyuma yako. Baada ya hapo ni mechi, kila mtu atacheza. Nikipiga filimbi mara moja, mpira chini ya mguu, macho kwangu. Anayeumia aniambie, hakuna kuficha. Tunamaliza saa 11 na nusu. Nani ana swali?"

Isome kwa simu yako ile ile, utaona haizidi dakika moja na kidogo. Haina kitu cha kukumbukwa miaka 20, na sidhani inahitaji. Badilisha maneno mpaka mdogo wako asicheke, au acheke kwa sababu nyingine.

Ukimaliza, usiulize "Tumeelewana?" Utajibiwa "Ndiyooo kocha!" hata kama umeongea Kichina. Mgeukie mmoja, kwa jina alilokwambia pale mlangoni: "Nikipiga filimbi mara moja, tunafanya nini?" Akijua, anza. Asipojua, usimcheke, mwulize wa pili. Wasipojua watatu, kosa ni la maelezo yako. Na wakati unaongea tazama chini mara mojamoja. Kidole cha mguu kikianza kuchora mchanga, una sentensi mbili zilizobaki. Macho yakipita juu ya bega lako kwenda kwenye mipira, una moja.

Pia usiwaulize wanacheza namba ngapi. Utapata washambuliaji 14, namba 10 saba, na kipa mmoja aliyelazimishwa. Subiri mechi, kila mmoja atajipeleka mwenyewe anakotaka.

Inawezekana ukafanya yote haya na bado mmoja akaondoka Jumamosi hiyo hiyo kwa sababu wewe si kocha wake. Usimkimbilie barabarani. Siku ya pili mpite kwao kwa salamu tu, usizungumzie mpira mpaka aanze yeye. Na inawezekana ukaona hotuba ya kurasa mbili ndiyo wewe halisi, ukaisoma yote. Kama ndivyo, wakalishe kivulini, na angalia sisimizi.

Jumapili niandikie. Niambie mdogo wako alikuitaje.